Joto la Kituo cha Soko: Kwa Nini Mabati Huchoma, na Nini cha Kufanya

Mtu anayetoka shambani hadi kituo cha Kenyenya adhuhuri ya Januari huihisi tofauti mara moja. Kwenye migomba na chai upepo ni mwanana. Kati ya maduka, joto humpiga usoni kutoka juu na kutoka chini pia. Wataalamu huita hali hii kisiwa cha joto: eneo lililojengwa linalokuwa na joto kuliko mashamba yanayolizunguka.

Kenyenya ni mji mdogo wa nyanda za juu, kwa hiyo kisiwa chake cha joto si kikubwa kama cha jiji. Hata hivyo, kinakua kila kiwanja kinapofunikwa kwa saruji na kila mti unapokatwa. Katika msimu wa joto wa 2015 hadi 2016, watafiti waliopima joto Kibera, Mathare na Mukuru jijini Nairobi walikuta lilikuwa juu kuliko lile la kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, chenye miti na nyasi. Jiji ni moja, lakini aliyeishi chini ya mabati hakuishi katika joto lililotangazwa.

Joto hutoka wapi

Shambani, sehemu kubwa ya nguvu ya jua hutumika kugeuza maji ya udongo na majani kuwa mvuke. Panapokosekana maji na majani, nguvu hiyo hupasha vitu joto. Saruji, mawe na lami hulihifadhi na kulitoa polepole baada ya jua kutua, ndiyo maana tofauti kati ya mji na shamba huonekana zaidi usiku mtulivu usio na mawingu. Bati ni jembamba na hupoa haraka usiku, lakini mchana ndilo linalomchoma aliye chini yake.

Anza na paa

Adhuhuri isiyo na mawingu, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea takriban wati 1,000 za jua. Bati lililopata kutu hufyonza karibu robo tatu ya nguvu hiyo. Bati jipya linalong'aa huakisi jua vizuri zaidi, lakini lina kasoro: chuma kitupu hakitoi joto lake kwa urahisi, kwa hiyo bado huwa moto. Rangi nyeupe hufanya kazi zote mbili. Huakisi sehemu kubwa ya jua na pia huachilia joto lililobaki.

Bati lenye kutu likwanguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kwanza, la sivyo nyeupe itabambuka. Anayekinga maji ya mvua achague rangi isiyo na madini ya risasi, na maji ya mvua za kwanza baada ya kupaka yamwagwe. Vumbi hupunguza uwezo wa paa jeupe, kwa hiyo lioshwe kiangazi.

Bustani juu ya paa

Bustani ya paa hupoza jengo, lakini ni nzito. Udongo wa kina cha sentimita 10 ulioloa mvua huwa na uzito wa kilo 150 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Duka la mita 6 kwa 10 lina paa la mita 60 za mraba. Hizo ni tani 9. Mbao zinazobeba mabati hazikuundwa kwa mzigo huo. Bustani hiyo inafaa tu juu ya paa la zege lililokaguliwa na mhandisi na kuzibwa lisivuje.

Kivuli cha miti

Kwa mama mboga anayeuza nje, rangi ya paa la jirani haimsaidii sana. Anachohitaji ni kivuli. Mti huzuia jua lisifike ardhini, na majani yake hupoza hewa kwa kutoa mvuke. Jua la alasiri ndilo kali zaidi kwa muuzaji, hivyo mti upandwe upande wa magharibi wa meza zake.

Mkaratusi haufai: hunywa maji mengi na matawi yake huanguka. Miti mirefu isipandwe chini ya nyaya za umeme. Shina liachiwe udongo wazi, angalau mita moja kila upande, kwani mti uliozingirwa saruji hukosa maji na mizizi yake huipasua. Hifadhi ya barabara si mali ya mwenye duka. Kibali hutoka kwa mamlaka inayosimamia barabara hiyo.

Kupima matokeo

Vipimajoto viwili vya kawaida vinatosha. Kimoja kitundikwe sokoni, kingine shambani, vyote kivulini na kwa kimo cha kifua. Visomwe saa nane mchana na saa tatu usiku kwa wiki moja ya kiangazi. Kwa paa, pima ndani ya duka kabla na baada ya kupaka, katika siku za jua linalofanana. Joto la ndani lisiposhuka, angalia kwanza kama madirisha hufunguliwa na kama paa limejaa vumbi.