Sauti Inayokatika Kazini: Mazoezi au Sindano?

Mfanyakazi ambaye sauti yake imekwaruza au kukatika kwa zaidi ya wiki 4 amwone daktari wa masikio, pua na koo, ili nyuzi za sauti zitazamwe kwa kamera kabla ya tiba yoyote. Akitema damu, akipumua kwa shida au akiona uvimbe shingoni, asingoje hata wiki hizo.

Ikithibitika kuwa nyuzi hazina uvimbe wala hazijapooza, huweza kubaki maradhi mawili yanayofanana masikioni. La kwanza ni mkazo wa misuli: mtu hukaza koo kila anapozungumza. La pili ni disfonia ya spazimu, ambapo ubongo huiendesha vibaya misuli ya sauti. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi, nyuzi hubanana ghafla na neno hukatika katikati. Si woga, wala mgonjwa hajifanyi.

Tuchukue mhudumu wa kituo cha simu ambaye sauti yake imekuwa ikikatika kwa miezi 6 sasa. Mtaalamu wa tiba ya sauti anaweza kumwambia aseme, “Mama Zaina alienda bondeni,” kisha, “Kaka kapaki pikipiki.” Konsonanti zote za sentensi ya kwanza hutetemesha nyuzi, za pili hazizitetemeshi. Akikwama zaidi kwenye ya kwanza, lakini akinong'ona au akicheka sauti ikatoka bila kukatika, spazimu inashukiwa. Akibanwa vilevile katika sentensi zote mbili, na shingo ikiuma inapobonyezwa, huenda ni mkazo. Maradhi haya pia huchanganyika, kwa kuwa mwenye spazimu hukaza koo akipambana nayo.

Ndiyo maana mazoezi hutangulia sindano ya botulinamu. Mtaalamu hukanda misuli inayozunguka kikoromeo huku mgonjwa akivumisha sauti taratibu. Mwenye mkazo huweza kupata nafuu baada ya vipindi vichache, na hapo sindano haina kazi. Mazoezi yaliyofanywa ipasavyo yasipobadili kitu, mgonjwa asijilaumu: matokeo hayo yenyewe humsaidia daktari kutambua spazimu.

Kwa spazimu, dawa ya botulinamu, kidogo sana, hudungwa kupitia shingoni hadi kwenye misuli ya nyuzi. Huilegeza tu, haiponyi. Huanza kufanya kazi baada ya siku chache, na kwa wiki 1 au 2 sauti huweza kuwa hafifu, yenye pumzi nyingi, na maji kumpalia mtu. Kisha sauti hutulia, mara nyingi kwa miezi 3 hadi 4. Kwa hiyo mhudumu wetu aombe likizo au kazi ya kuandika kwa siku hizo za mwanzo, na anywe kwa mafunda madogo. Akikosa pumzi au akishindwa kumeza, awahi hospitali. Mjamzito, anayenyonyesha au mwenye ugonjwa wa udhaifu wa misuli amwambie daktari kabla ya kudungwa.

Kila sindano iandikiwe tarehe, pamoja na siku sauti ilipofifia, ilipotulia na ilipoanza kukatika tena. Kwa kumbukumbu hiyo daktari hupunguza au huongeza dozi inayofuata.