Kutuma pesa Nakivale na Mbarara: makato, kiwango na muda wa kufika

Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya kazi ng'ambo na ana watu wake kambini Nakivale, wilaya ya Isingiro, au mjini Mbarara, iwe Nyamityobora au mtaa mwingine. Kabla hujalinganisha kampuni, amua kwanza unataka mpokeaji ashike shilingi ngapi mkononi. Ukianza na hiyo, matangazo ya "bila ada" hayatakuyumbisha.

Pesa inakatwa mahali patatu. Kuna ada ya kutuma, ambayo unaiona. Kuna kiwango cha kubadilisha fedha, ambacho wengi hawakiangalii. Halafu kuna makato ya kutoa pesa kwenye simu huko Uganda, ambayo anayabeba mpokeaji na wewe husikii habari zake mpaka upigiwe simu kwamba ada ya shule imepungua.

Tuchukue mfano. Mtu yuko Dayton, Ohio, na ana dola 200 za kumtumia mama yake aliyeko Base Camp, Nakivale. Tuseme siku hiyo dola moja sokoni ni shilingi 3,600 za Uganda. Kampuni ya kwanza haitozi ada yoyote, lakini inampa 3,490 kwa kila dola, kwa hiyo simu ya mama itaingia 698,000. Kampuni ya pili inakata dola 3, inazibadilisha 197 zilizobaki kwa 3,580, na simu ya mama inaingia 705,260. Kwa kiwango cha soko, dola 200 ni shilingi 720,000. Iliyojiita ya bure imechukua 22,000. Iliyokata ada imechukua 14,740. Kila mara linganisha kiasi kitakachofika kwa dola zilezile, siku ileile, saa ileile ikiwezekana, maana kiwango hubadilika.

Sasa mama anakwenda kwa wakala. Serikali ya Uganda ilianza kutoza pesa za simu asilimia 1 mwezi wa Julai 2018, watu wakapiga kelele, na kabla mwaka haujaisha kodi ikashushwa hadi asilimia 0.5, tena kwenye kutoa pesa taslimu tu. Juu ya kodi hiyo kuna gharama ya kutolea, inayopangwa kwa madaraja ya kiasi. Bango lake hubandikwa kwenye kibanda cha wakala, na vizuri nyumbani wakupigie picha wakutumie. Tuseme kwa kiasi hiki ni 12,500. Mama akihitaji 700,000 kamili mkononi, kodi ni 3,500, na simu yake lazima iwe na 716,000. Kwa kiwango cha 3,580 hizo ni dola 200 kamili, na ada ya dola 3 inakuja juu yake. Kwa hiyo huyu ndugu atoe dola 203, si 200. Tofauti ni ndogo kwake, lakini kwa mama ndiyo inayoamua kama mtoto atabaki darasani.

Kama pesa yenyewe ni ya shule na shule inapokea malipo kwa simu, mama asiitoe. Alipe moja kwa moja kutoka kwenye simu, kwa sababu ile asilimia 0.5 haigusi pesa isiyotolewa taslimu. Gharama ya malipo bado ipo, aiulize kwanza.

Kwa walioko Marekani kuna jambo jingine: tangu tarehe 1 Januari 2026 anayelipia kutuma kwa noti mkononi, hawala ya posta au hundi ya benki anatozwa kodi ya asilimia 1. Anayelipa kwa kadi ya benki ya Marekani au kutoka akaunti ya benki hatozwi. Kwenye dola 200 ni dola 2 ambazo huna sababu ya kuzitoa.

Kuhusu muda, neno "dakika chache" ni la kweli pale ambapo mambo yote yamenyooka. Kwa kadi ya benki, pesa huweza kuingia kwenye simu hata usiku wa Jumapili. Ukichagua itoke kwenye akaunti yako ya benki, ada mara nyingi hupungua lakini kampuni inaweza kungoja siku kadhaa za kazi mpaka benki iachie. Msiba haungoji siku hizo; ada ya muhula unaoanza wiki mbili zijazo inangoja bila taabu.

Kinachochelewesha zaidi kwa Nakivale ni jina. Kwa muda mrefu wakimbizi wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wengine, kwa sababu hawakuwa na kitambulisho kilichokubalika. Mwaka 2019 tume ya mawasiliano ya Uganda iliruhusu laini kusajiliwa kwa kadi ya mkimbizi au barua ya utambulisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Hata hivyo laini za jirani, shemeji au mwenye duka bado zinatumika. Wewe ukiandika jina la mama, na laini ina jina la jirani, muamala unaweza kusimamishwa ukaguliwe, au pesa ikaingia kwa mtu ambaye kisheria ndiye mwenye laini. Na jina la mama mwenyewe huenda kwenye kadi limeandikwa kinyume na ulivyozoea, la ukoo mbele, au herufi moja imebadilishwa na karani.

Njia rahisi ya kujua ni hii. Mwombe ndugu aliye Mbarara aanze kumtumia mama shilingi 1,000, kwa *165# kama wote wako MTN au *185# kama wako Airtel. Kabla ya kuweka namba ya siri, jina la mwenye laini hutokea kwenye kioo. Alinakili herufi kwa herufi, akupelekee, kisha aghairi. Andika jina hilo, kama ni la mama kweli. Kama si lake, msitumie laini hiyo, asajili yake.

Pesa kuingia kwenye simu si sawa na pesa kupatikana. Wakala wa kambini anaweza kukosa noti za kutosha kwa laki saba, hasa siku za mgawo wa fedha za msaada, foleni inapokuwa ndefu. Kiasi kikubwa mama aulize kwa wakala siku moja kabla. Kwa aliyeko Nyamityobora tabu hii ni ndogo, mawakala ni wengi. Akipendelea kuchukua benki mjini, aulize kwanza kama dirisha hilo linakubali kadi ya mkimbizi, na ukumbuke saa: Ijumaa saa 12 jioni Chicago wakati wa kiangazi ni saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi Mbarara.

Soma maelezo ya kampuni kabla ya kulipa, na risiti baada ya kulipa. Sheria ya Marekani inaitaka kampuni ikuonyeshe ada, kiwango na kiasi kitakachofika, na risiti iwe na tarehe ambayo pesa itapatikana. Ukiona maneno kwamba mpokeaji anaweza kupata pungufu, yanahusu makato ya upande wa pili, kama yale ya wakala.

Ukigundua namba imekosewa, piga simu kwa kampuni papo hapo: kwa kawaida una dakika 30 tangu ulipe kughairi na kurudishiwa pesa yote pamoja na ada, mradi haijachukuliwa wala kuingia kwenye akaunti ya mpokeaji. Kwa pesa ya simu inayoingia baada ya dakika mbili, nafasi hiyo ni finyu mno. Pesa isipofika tarehe iliyoandikwa, au ikafika pungufu ya ilivyoahidiwa, una siku 180 za kulalamika kuanzia tarehe hiyo. Uwe na namba ya muamala, na mpokeaji atunze ujumbe wa simu ulioingia, asiufute.