Namba ya Kuthibitisha Isiyofika

Mama mmoja, mweka hazina, alianza kujiandikisha kwa maombi ya mkopo kule saiba, kijana wa pale akimjazia. Jioni akaendelea nyumbani kwa simu yake. Akaambiwa angoje namba ya kuthibitisha. Wapi! Akabonyeza "Resend" mara nne, bure.

Netiwaki ilikuwapo, maana meseji ya jirani iliingia papo hapo. Ndipo akasoma skrini vizuri: namba imetumwa kwa simu inayoishia 17. Yake inaishia 52. Yule kijana alikuwa ameandika simu yake mwenyewe.

Hapo usimpigie tu akusomee namba, kwani mwenye simu hiyo baadaye anaweza kubadilisha neno la siri na kuingia. Rudi nyuma urekebishe simu. Ukurasa ukikataa, piga simu ofisi inayohusika, kitambulisho mkononi.

Na kama simu ni yako kweli? Ngoja dakika chache. Ukibonyeza tena, kwa kawaida ile ya mwisho tu ndiyo hukubaliwa. Kwa barua pepe, tazama pia "Spam". Waliofunga meseji za matangazo wafungue, maana wakati mwingine hii nayo huzuiliwa humo.