Kidole tumbo kikianza katikati ya ziwa

Meli ya abiria inayotoka Bukoba kwenda Mwanza hukata Ziwa Viktoria usiku kucha. Mkazi wa Ijuganyondo akiugua saa saba usiku, hospitali ya Bukoba ameshaiacha mbali, na ile ya Bugando jijini Mwanza bado hajaifikia.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 24. Mchana tumbo lilimuuma kuzunguka kitovu. Sasa maumivu yamehamia chini, upande wa kulia. Ametapika, hataki chakula, na kila akikohoa anashika tumbo. Dalili hizo zinaelekeza kwenye kidole tumbo, na tiba yake ya kawaida ni upasuaji, jambo ambalo meli haiwezi kulifanya. Kinachowezekana ni kumfikisha salama.

Kosa linalotendeka sana ni kumpa dawa ya kuharisha kwa kudhani amevimbiwa. Dawa hiyo inaweza kukipasua kidole tumbo. Asipewe chakula wala pombe, na asikandwe kwa maji ya moto. Maji ya kunywa yasubiri kauli ya daktari.

Kabla ya kushika redio kumtafuta daktari, mhudumu apime joto, ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, ahesabu pumzi na apime presha. Aulize dawa gani humdhuru mgonjwa. Akiwa mwanamke, aulize pia siku za mwisho za hedhi, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi huuma hivyohivyo. Kisha afungue sanduku la dawa, aandike zilizomo na tarehe zake za kwisha. Daktari aliye nchi kavu hawezi kuagiza kitu ambacho hamnacho.

Nahodha huita kwenye chaneli 16 ya VHF, akitamka PAN PAN mara tatu, jina la meli na mahali ilipo, kisha huhamia chaneli atakayoelekezwa ili aunganishwe na daktari. VHF haifiki mbali sana. Isipojibiwa, simu ijaribiwe popote penye mtandao. Mabaharia wetu walioko baharini hutumia setilaiti, na kituo cha CIRM cha Roma kimewashauri mabaharia bure tangu 1935.

Agizo la daktari liandikwe palepale, kisha lisomwe tena kwake kwa sauti: jina la dawa, kipimo, ya kumeza au ya sindano, na saa ya kurudia. Miligramu 50 na 500 huchanganyika kirahisi redio inapokwaruza.

Vipimo virudiwe kila saa. Maumivu yakitulia ghafla, msifurahi haraka. Kidole tumbo kikipasuka, nafuu huja kwa muda, halafu tumbo zima huuma na kukakamaa huku mapigo yakienda mbio. Hapo daktari aitwe tena mara moja, na Mwanza waombwe gari la wagonjwa lisubiri gatini. Karatasi ya vipimo na dawa zote alizopewa iende na mgonjwa hadi mikononi mwa daktari atakayempokea.