Zulia la Sebuleni: Pima Makochi Kabla ya Kupima Chumba

Zulia hununuliwa likiwa limeviringishwa. Mnunuzi huonyeshwa rangi na manyoya ya upande mmoja, akatajiwa ukubwa kwa futi, "tano kwa nane", "sita kwa tisa" au "saba kwa kumi", kisha akalipa. Ukubwa wenyewe hauonekani mpaka zulia likunjuliwe sebuleni, na hapo ndipo mwenye nyumba hugundua kuwa mguu mmoja wa kochi umekanyaga zulia na mwenzake umebaki sakafuni, au kuwa zulia limefika ukutani na mlango haufunguki. Kufikia wakati huo nailoni ya kufungia imekwisha kuchanwa, na muuzaji hana haraka ya kulipokea tena. Katika makala haya tunaeleza namna ya kujua ukubwa unaofaa kabla ya kwenda dukani, na namna ya kuhakikisha kuwa ukubwa uliotajiwa ndio uliouziwa.

Ushauri unaosikika mara nyingi ni wa kupima chumba na kuacha sentimita 30 za sakafu kila upande. Ushauri huo unafaa sebule kubwa, ambamo makochi yamewekwa katikati, mbali na kuta. Katika nyumba zetu nyingi makochi huegemea ukuta. Sebule ya mita 3.6 kwa mita 4.5, ikipimwa kwa kanuni hiyo, itadai zulia la mita 3 kwa mita 3.9, na sehemu kubwa ya zulia hilo itaishia chini ya makochi na kabati la runinga, pasipoonekana wala kukanyagwa. Mnunuzi atakuwa amelipia kitambaa cha kufunika vumbi. Kwa hiyo tunashauri kinyume chake: anza na samani, kisha ulinganishe na chumba.

Kanuni tunayoipendekeza ni kwamba miguu ya mbele ya makochi yote ikae juu ya zulia, na ile ya nyuma ibaki sakafuni. Zulia liingie chini ya kochi kwa sentimita 20 hivi. Kiasi hicho hakikuchaguliwa ovyo. Miguu ya mbele ya kochi kwa kawaida iko sentimita 5 hadi 10 nyuma ya ukingo wa kiti, hivyo zulia likiingia sentimita 20, mguu hukaa salama ndani yake. Likiingia sentimita 8 tu, mguu hukanyaga ukingo wenyewe uliozungushiwa uzi. Kochi litayumba, na mshono huo ndio utakaoanza kufumuka. Kwa upande wa urefu, zulia lipite mwisho wa kochi kwa sentimita 20 angalau, ili miguu yote miwili ya mbele ipate nafasi na zulia lisionekane kama mkeka uliosukumwa chini ya kiti.

Tuichukue sebule ile ya mita 3.6 kwa 4.5. Kochi la watu watatu, lenye urefu wa sentimita 210, limewekwa kwenye ukuta mrefu. Makochi mawili ya mtu mmoja yako kwenye ukuta mfupi wa kushoto, na ukuta mfupi wa kulia una mlango unaofungukia ndani. Kabati la runinga linatazamana na kochi kubwa. Mwenye nyumba anahitaji vipimo viwili tu.

Cha kwanza ni urefu. Anapima kuanzia ukingo wa mbele wa makochi madogo mpaka mwisho wa kochi kubwa ulio upande wa mlango, na kupata sentimita 230. Anaongeza 20 za kuingia chini ya makochi madogo, na 20 za kupita mwisho wa kochi kubwa. Jumla ni 270.

Cha pili ni upana. Kutoka ukingo wa mbele wa kochi kubwa mpaka kwenye kabati la runinga ni sentimita 225. Anaongeza 20 za kuingia chini ya kochi, kisha anatoa 30 za sakafu anayotaka ionekane mbele ya kabati. Anabaki na 215. Zulia analolitafuta, basi, linakaribia sentimita 215 kwa 270.

Hakuna duka litakalokuwa na kipimo hicho hasa, kwa kuwa mazulia hutengenezwa kwa vipimo maalumu. Vinavyopatikana sana ni sentimita 160 kwa 230, 200 kwa 290, na 240 kwa 340. Tuvijaribu kimoja kimoja. Zulia la 160 kwa 230, likiingia chini ya makochi madogo kama tulivyosema, litakatika sentimita 20 kabla ya kufika mwisho wa kochi kubwa. Mguu wa kulia wa kochi hilo utabaki hewani au sakafuni, na likivutwa kulia ili kuuokoa mguu huo, makochi madogo ndiyo yatakayolikosa. La 240 kwa 340 litaacha sentimita 5 tu mbele ya kabati, ufito mwembamba unaoonekana kama kosa la fundi. Upande wa kulia litasimama sentimita 40 kutoka ukutani, wakati mlango wenye upana wa sentimita 80 unahitaji nafasi yake yote. Kila ufunguliwapo utalikwaruza.

La 200 kwa 290 linaacha sentimita 45 za sakafu mbele ya kabati, na sentimita 90 upande wa mlango, huku miguu yote ya mbele ikiwa juu yake. Hilo ndilo la kununua. Msomaji ataona kuwa sakafu iliyobaki hailingani pande zote. Haina ubaya. Ulinganifu hutakiwa pale zulia linapoonekana pande zote nne. Makochi yakiwa ukutani, jicho huona pande mbili tu, na kinachotakiwa ni kila upande uwe na sakafu ya kutosha kuonekana kuwa imeachwa kwa makusudi. Chini ya sentimita 20 haitoshi.

Kabla ya kutoa fedha, tandaza ukubwa huo sakafuni. Huhitaji kifaa chochote cha pekee: kanga moja ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110, hivyo doti mbili zikipangwa kanga mbili kwa mbili hukaribia sentimita 300 kwa 220. Zikunje kingo mpaka futi kamba isome 290 kwa 200. Ziache hapo siku nzima, watu wapite, watoto wakae, mlango ufunguliwe mpaka mwisho. Siku moja ya namna hiyo hufichua mambo ambayo mchoro wa karatasi hauyaonyeshi, hasa njia ya kuelekea jikoni inayokata pembe ya zulia.

Kanga inatukumbusha jambo jingine. Mazulia mengi yenye maua yana pindo na mji kama kanga yenyewe. Pindo likiwa na upana wa sentimita 25 na zulia likaingia sentimita 20 chini ya kochi, kitakachobaki kuonekana upande huo ni ufito wa sentimita 5, ilhali upande wa kabati pindo lote liko wazi. Zulia litaonekana limekaa upande. Kwa sebule ambayo makochi yatalifunika zulia, tunapendelea lisilo na pindo, au lenye pindo jembamba la sentimita 10 hivi ambalo litafichwa lote. Lenye pindo pana lifae mahali ambapo miguu ya samani yote itabaki nje yake.

Unene nao una sehemu yake. Zulia la manyoya marefu huinua miguu ya mbele ya kochi, na kochi hulalia nyuma. Manyoya hushindiliwa kwa uzito, lakini hayaishi kabisa. Kochi likiwa bado linalala nyuma baada ya wiki moja au mbili, fundi seremala anaweza kuweka vipande vya mbao chini ya miguu ya nyuma, vyenye unene sawa na zulia lilivyobonyea. Makochi yasiyo na miguu, yanayokalia boksi lake lote, hayafai kuwekwa nusu nusu juu ya manyoya mazito. Kwa makochi hayo chukua zulia jembamba, au acha liishie upana wa kiganja mbele ya kochi, na katika hesabu ya juu ondoa sentimita 20 za kuingia chini.

Sasa twende dukani. Majina ya futi ndiyo yanayowapotosha wengi. Futi moja ni sentimita 30.48, hivyo "saba kwa kumi" ingepaswa kuwa sentimita 213 kwa 305. Lakini zulia linalouzwa kwa jina hilo mara nyingi ni la 200 kwa 290, na lile la "tano kwa nane", ambalo lingepaswa kuwa na urefu wa sentimita 244, mara nyingi ni la 160 kwa 230. Pengo la sentimita 14 ni dogo kwa masikio, lakini ni upana wa mguu wa kochi na ziada. Kwa hiyo usiulize futi. Uliza sentimita, tafuta lebo iliyoshonwa nyuma ya zulia, na kama haipo, omba likunjuliwe ulipime kwa futi kamba yako mwenyewe. Pima upana ncha zote mbili, kwa kuwa zulia lililofumwa vibaya huweza kupishana. Matamvua yasihesabiwe: miguu ya kochi haikai juu ya matamvua.

Ukisharidhika, dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na mwombe muuzaji aandike ukubwa wa zulia kwa sentimita kwenye risiti au kwenye karatasi yenye muhuri wa duka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na tofauti kati ya ukubwa ulioandikwa na ule unaopimwa ni jambo linaloweza kuthibitishwa kwa futi kamba mbele ya yeyote. Neno "saba kwa kumi" lililosemwa kwa mdomo ni vigumu kulithibitisha. Zulia likifika nyumbani, lipime tena likiwa bado safi, kabla makochi hayajawekwa juu yake, na hifadhi nailoni na lebo yake hadi utakapomaliza.