Dondoo muhimu: Mahindi ndani ya mfuko usiopitisha hewa

Mfuko huu hauna dawa. Fukuzi na dumuzi waliomo kwenye mahindi hupumua mpaka oksijeni inapungua mno. Huacha kula, kisha hufa. Ukinunua gunia la kilo 90 Kitengela au ukivuna shambani Kajiado, anza na unyevu, ambao usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, yarudishe juani juu ya turubai. Mfuko hauyakaushi, na mahindi mabichi huota kuvu humo humo.

Kagua matundu kwa kuujaza mfuko hewa na kuubana. Ukishatia mahindi, kandamiza hewa itoke, sokota shingo, ikunje, funga kwa kamba. Kisha mfuko wa pili, halafu gunia la nje. Usifungue mwezi wa kwanza.

Vidonge vya fosfini havihitajiki humo. Gesi yake huua watu pia, basi usiviweke kamwe kwenye chumba ambamo gunia linakaa kando ya kitanda.