Umechuja mauzo ya Likoni, mbona jumla bado ni ya maduka yote?

Tuseme una vibanda vitatu, Likoni, Kisauni na Changamwe, kila kimoja na namba yake ya tili. Jioni unaandika malipo kwenye Excel au Google Sheets: safu A ni tarehe, B ni tawi, C ni kiasi. Leo una malipo sita, mstari wa 2 hadi wa 7:

```
Likoni      1200
Kisauni      850
Changamwe   2400
Likoni       650
Kisauni     1500
Likoni       900
```

Kwenye E1 umeweka fomula hii:

```
=SUM(C2:C7)
```

Inakupa 7,500. Sasa unachuja safu B ibaki Likoni pekee. Unaona mistari mitatu, lakini E1 bado inasema 7,500, ilhali taarifa ya tili ya Likoni ni 2,750. Kabla hujamuuliza mhudumu wako zile 4,750 zimeenda wapi, angalia fomula. SUM hujumlisha kila seli uliyoitajia, ionekane isionekane. Kuchuja kunaficha mistari tu, hakuifuti.

Kwenye F1 weka hii:

```
=SUBTOTAL(9,C2:C7)
```

Hiyo 9 maana yake ni "jumlisha". SUBTOTAL huruka mistari iliyoondolewa na kichujio, kwa hivyo utapata 2,750, sawa na tili. Ukichagua Kisauni itabadilika yenyewe kuwa 2,350. Tumeiweka mstari wa kwanza, penye vichwa vya safu, kwa sababu kichujio hakiufichi mstari huo.

Vipi kama hukuchuja, bali umebofya mstari na kuchagua Hide? Hapo 9 bado itauhesabu. Ukitaka na ule uliofichwa kwa mkono urukwe, tumia 109:

```
=SUBTOTAL(109,C2:C7)
```

Ondoa kichujio, kisha ufiche kwa mkono ule mstari wa 900: fomula ya 9 itasema 7,500, ya 109 itasema 6,600. Lakini angalia, 109 inaweza kukupunguzia hesabu kimyakimya iwapo mtu alificha mstari akasahau kuurudisha. Njia ya kujua ni rahisi: ondoa vichujio vyote, kisha linganisha 109 na SUM. Zikitofautiana, kuna mstari umefichwa kwa mkono, na tofauti hiyo ndiyo kiasi chake.

Basi usiifute SUM. Unapolinganisha mauzo ya siku nzima na taarifa za tili zote tatu, unataka jumla isiyoyumba kwa sababu tu mtu ameacha kichujio wazi. Hiyo ni kazi ya SUM. Ukiuliza "Likoni peke yake imeingiza ngapi?", hapo ndipo SUBTOTAL inapofaa.